Kumasi ya koloidi au fedha? Kutia rangi jeli ya protini itakayokwenda kwenye spektrometa ya masi

Swali hili huulizwa na karibu kila anayeanza: jeli yangu ya SDS imeshatembea, nataka kukata bendi na kuzipeleka kwenye spektrometa ya masi, nitie rangi gani? Mmoja ameambiwa fedha ndiyo kali zaidi, mwingine ameonywa kwamba fedha huharibu protini. Yote mawili yana ukweli, lakini hayatoshi kukuamulia.

Shika jambo moja kabla ya mengine yote: rangi haiongezi protini. Fedha itakuonyesha bendi ya nanogramu 1, na bendi itabaki na nanogramu 1 ileile. Spektrometa haioni weusi wa bendi. Inaona vipande vya protini vilivyotoka ndani ya jeli baada ya kukatwa na tripsini. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na Kumasi ya koloidi, na fedha inafuata kwenye jeli ileile pale tu inapohitajika.

Kuhusu ukali, Kumasi ya kawaida ya R-250 huanza kuonyesha bendi kwenye nanogramu 50 hadi 100. Kumasi ya koloidi ya G-250 hufika kama nanogramu 10, na protini nyingine huonekana hata chini ya hapo. Fedha inayokubaliana na spektrometa hufika nanogramu 1 hadi 5. Zipo fedha kali kuliko hiyo, zile zinazotumia glutaraldehaidi kabla ya fedha, lakini hizo achana nazo kabisa kwa kazi hii. Glutaraldehaidi hufunga laisini za protini moja kwa nyingine. Tripsini hukata baada ya laisini na ajinini, na laisini iliyofungwa haikatiki. Protini inabaki imenasa ndani ya jeli na wewe unapokea matokeo matupu. Ukinunua kiti ya fedha, soma orodha ya vilivyomo kabla ya kulipa.

Unachohitaji

Jeli ndogo ya unene wa milimita 1. Ukiimimina mwenyewe, iache igande usiku kucha, kwa sababu akrilamaidi iliyobaki huru hushikamana na sisteini za protini na kubadili masi yake.

Maji safi ya kiwango cha megaomu 18. Kwa Kumasi unaweza kuvumilia maji yaliyochujwa vizuri, lakini kwa fedha usijaribu. Kloridi iliyo kwenye maji ya bomba huungana na fedha na kuwa ungaunga mweupe.

Rangi ya Kumasi aina ya G-250, ambayo kwenye orodha ya kuagizia utaiona kama `Coomassie Brilliant Blue G-250`. Usiichanganye na R-250, maana hiyo haitengenezi koloidi kwa namna hii. Jina lenyewe ni la mji wa Kumasi, Ghana. Mwishoni mwa karne ya 19 kiwanda kimoja cha rangi cha Uingereza kililitumia kwa rangi zake za kutilia sufu. Sufu ni protini, na ngozi yako pia ni protini, ndiyo maana rangi hii ikikudondokea kidoleni haitoki siku hiyo.

Amoniamu salfeti, asidi fosforiki ya asilimia 85, methanoli na asidi asetiki. Kwa fedha ongeza nitreti ya fedha (AgNO3), sodiamu thaiosalfeti (Na2S2O3), sodiamu kaboneti (Na2CO3) na fomalini ya asilimia 37. Kwa kuosha bendi: potasiamu ferisianidi, amoniamu baikaboneti na asetonitraili.

Trei mbili za glasi au plastiki zenye mfuniko, zisizowahi kutumika kwa maziwa ya unga ya kuzuilia kingamwili kwenye blot. Glavu za naitraili, koti la maabara, wembe mpya. Methanoli na fomalini zifanyiwe kazi kwenye kabati la kuvuta mvuke.

Kitu cha mwisho ndicho wanaoanza hukisahau zaidi: ngazi ya BSA, yaani albumini ya ng'ombe ya kiasi unachokijua. Chukua mikrolita 10 za BSA ya miligramu 1 kwa mililita, weka kwenye mikrolita 990 za bafa ya sampuli. Hapo una nanogramu 10 kwa kila mikrolita. Punguza sehemu yake mara kumi upate nanogramu 1 kwa mikrolita. Kwenye jeli yako tenga visima vinne: nanogramu 50 (mikrolita 5 za ile nzito), kisha 10, 5 na 2 (mikrolita 10, 5 na 2 za ile nyepesi). Kisima kimoja zaidi kiwe na bafa ya sampuli peke yake. Bila visima hivi utabaki ukisema "bendi hafifu", na hakuna atakayejua ni hafifu kiasi gani.

Kutengeneza Kumasi ya koloidi, mililita 250

1. Pima mililita 25 za maji kwenye bika, ongeza polepole mililita 25 za asidi fosforiki. Asidi iingie kwenye maji, si maji kwenye asidi.

2. Huku sumaku ikikoroga, ongeza gramu 25 za amoniamu salfeti. Isipoyeyuka yote usihangaike, itayeyuka maji yakiongezeka.

3. Ongeza gramu 0.3 za unga wa G-250, acha ikoroge mpaka usione uvimbe.

4. Jazia maji mpaka mililita 200.

5. Huku ikiendelea kukoroga, mimina taratibu mililita 50 za methanoli. Weka kwenye chupa ya kahawia, joto la chumbani. Inakaa miezi.

Mpangilio huu una sababu. Chumvi na asidi ndizo zinazosukuma rangi nje ya maji ijikusanye kuwa chembe ndogo mno, na kinachobaki kimeyeyuka ni kidogo. Chembe ni kubwa kiasi cha kutopenya kirahisi ndani ya jeli, lakini ile iliyoyeyuka hupenya na kushika protini. Ndiyo maana jeli inabaki karibu nyeupe huku bendi zikizidi kukolea. Kwa hiyo usichuje rangi hii. Ukiipitisha kwenye karatasi ya chujio, koloidi inabaki kwenye karatasi na wewe unabaki na maji ya buluu hafifu. Tikisa chupa vizuri, kisha mimina.

Kutia rangi

6. Toa jeli, iweke kwenye mililita 100 za mchanganyiko wa methanoli asilimia 50 na asidi asetiki asilimia 10, kwa dakika 30 hadi saa moja. Hapa protini zinakazwa zisitoke, na SDS inaanza kuondoka.

7. Osha kwa maji mara tatu, dakika 10 kila mara, kwenye mashine ya kutikisa. Usiruke hatua hii. SDS iliyobaki hushindania nafasi na rangi, na jeli nzima huwa na utusitusi wa buluu.

8. Mimina maji yote, weka mililita 50 za rangi iliyotikiswa. Bendi nzito huonekana ndani ya saa moja. Ziache usiku kucha ikiwa unatafuta zile za nanogramu 10.

9. Asubuhi mwaga rangi, osha kwa maji matupu, ukibadilisha mara kadhaa mpaka nyuma ya jeli pawe safi. Usiweke methanoli wala asidi asetiki hapa, kwa kuwa hizo hung'oa rangi kwenye bendi pia, na bendi hafifu ndizo hutangulia kupotea.

10. Piga picha jeli ikiwa juu ya glasi iliyooshwa, kisha linganisha na ngazi ya BSA.

Ikiwa bendi unayoitaka inaonekana hapa, umemaliza. Ikate na uende hatua ya 20. Kumasi haifungi kemikali ya kudumu na protini. Inashikilia tu, nayo huoshwa ikatoka. Kwenye ukolevu wake unaweza pia kulinganisha kiasi cha bendi moja na nyingine kwa mapana zaidi kuliko fedha, ambayo hujaa haraka.

Ikiwa haionekani: fedha kwenye jeli ileile

11. Kwanza kata bendi zote nzito unazozihitaji, uziweke kwenye freeza. Hizo hazina sababu ya kukutana na fomalini.

12. Ondoa Kumasi yote: methanoli asilimia 50 na asidi asetiki asilimia 5, ukibadilisha mpaka kioevu kiwe cheupe. Buluu iliyobaki itakuwa kahawia chafu baadaye. (Jeli ambayo haijawahi kutiwa Kumasi huanzia hapa pia, dakika 20.) Kisha methanoli asilimia 50 peke yake, dakika 10.

13. Osha kwa maji safi angalau mara tatu, dakika 10 kila mara. Ukiweza kuiacha kwenye maji usiku kucha, nyuma patakuwa pasafi zaidi.

14. Thaiosalfeti ya asilimia 0.02 (gramu 0.02 kwa mililita 100), dakika 1 kamili. Kisha maji mara mbili, dakika 1 kila mara. Tumia saa. Ukizidisha, jeli yote hugeuka kahawia baadaye. Ukipunguza, bendi hazikolei.

15. Nitreti ya fedha ya asilimia 0.1, iliyopoa kwenye friji, dakika 20. Funika trei, mwanga usiipige.

16. Osha kwa maji mara mbili, dakika 1 kila mara, kisha hamishia jeli kwenye trei ya pili. Fedha iliyoshika kuta za trei ya kwanza itachafua hatua inayofuata.

17. Andaa dawa ya kuibua bendi muda huohuo wa kuitumia: gramu 2 za sodiamu kaboneti kwa mililita 100 za maji, ongeza mikrolita 40 za fomalini. Mimina kidogo, tikisa. Itageuka njano au kahawia ndani ya sekunde chache. Imwage mara moja, weka nyingine.

18. Sasa usiondoke. Bendi zitaanza kujitokeza kahawia hafifu, kisha zitakolea. Muda hautabiriki: katika chumba chenye nyuzi 30 za Dar es Salaam au Mombasa kila kitu huenda haraka kuliko kwenye chumba chenye kiyoyozi. Simamisha mara unapoona BSA ya nanogramu 2, hata kama moyo unataka bendi ikolee zaidi. Kila dakika ya ziada ndani ya fomalini huongeza fedha ya kuosha na hupunguza vipande utakavyopata.

19. Ili kusimamisha, mwaga dawa na mimina asidi asetiki ya asilimia 5. Fedha huibuka kwenye alkali tu. Asidi ikiingia utaona mapovu ya hewa ya ukaa, na kazi inasimama. Baada ya dakika 10 weka jeli kwenye maji au asidi asetiki ya asilimia 1, kwenye friji. Kata na uoshe bendi siku hiyohiyo, maana zikikaa huwa ngumu kuoshwa.

Kukata na kuosha

20. Weka jeli juu ya glasi safi. Kata bendi ukibana kingo zake, kisha ikatekate vipande vya milimita 1. Jeli tupu inayozidi inakula tripsini na kuongeza uchafu bila kuleta protini. Kata pia kipande cha ukubwa uleule mahali pasipo na bendi. Hicho ndicho kitakuambia ni nini kilitoka kwenye jeli, si kwenye sampuli.

21. Bendi za Kumasi: amoniamu baikaboneti ya milimola 50 na asetonitraili, nusu kwa nusu, mikrolita 200 kwa dakika 15. Rudia mpaka ziwe nyeupe.

22. Bendi za fedha: changanya papo hapo sehemu sawa za potasiamu ferisianidi ya milimola 30 na thaiosalfeti ya milimola 100. Weka mikrolita 50 hadi 100 za mchanganyiko huo. Kahawia itayeyuka mbele ya macho yako, kwa kawaida ndani ya dakika 5 hadi 10. Osha kwa maji mpaka unjano wote utoke, kisha fuata hatua ya 21 mara moja. Usimwage ferisianidi pamoja na taka za asidi kali, kwa sababu zinaweza kutoa gesi ya sianidi.

Kutoka hapa bendi za aina zote mbili hufuata njia moja ya DTT, ayodoasetamaidi na tripsini.

Mfano: bendi inayoonekana kwa fedha tu

Tuseme umevuta protini kwa kingamwili na una mikrolita 60 za ulichovuna. Umeweka mikrolita 10 kisimani. Kumasi inaonyesha mnyororo mzito wa kingamwili kwenye kilodaltoni 50 na mwepesi kwenye 25, na BSA ya 50 na 10. Unapotia fedha, inatokea bendi kwenye kilodaltoni 40 ambayo haipo kwenye kisima cha ulinganisho. Weusi wake uko kati ya BSA ya 2 na ya 5, tuseme nanogramu 4. Ni kadirio tu, kwani fedha haishiki kila protini sawasawa.

Nanogramu 1 ya protini ya kilodaltoni 40 ni femtomoli 25, kwa hiyo bendi ina kama femtomoli 100. Mashine nzuri inaweza kuisoma. Lakini si vipande vyote vinavyotoka kwenye jeli, vingine hushika kuta za tyubu, na vile vilivyoguswa na fomalini havitambuliki kirahisi. Vilivyobaki vinashindana na keratini na tripsini inayojikata yenyewe. Wengi hupata hapa kipande kimoja au viwili vya protini yao na vya keratini chungu nzima.

Bado una mikrolita 50, ambazo zina nanogramu 20 za protini hiyo. Ongeza mikrolita 200 za asetoni baridi, acha kwenye freeza usiku, zungusha kwenye sentrifuji, mwaga asetoni, yeyusha kilichobaki kwenye mikrolita 20 za bafa ya sampuli, weka yote kwenye kisima kimoja. Hata ukipoteza robo njiani, zimebaki nanogramu 15, nazo Kumasi ya koloidi itazionyesha. Sasa unakata bendi yenye karibu mara nne ya protini, haijaonja fomalini, na imo kwenye kipande kimoja cha jeli. Usijaribu kufika hapo kwa kukusanya vipande vya bendi hafifu kutoka visima vinne, kwani utakusanya pia jeli na keratini mara nne.

Tahadhari moja: mnyororo mzito nao umeongezeka mara tano na utavimba. Iache jeli itembee zaidi ili 40 na 50 ziachane vizuri.

Ikiwa sampuli imekwisha na ile bendi ya fedha ndiyo pekee uliyo nayo, ipeleke. Mwambie anayeendesha mashine kwamba ni fedha isiyo na glutaraldehaidi, na umpe ile jeli tupu pia.

Mambo yanapoharibika

*Mistari miwili mitatu iliyonyooka kati ya kilodaltoni 50 na 70, inakatiza visima vyote hadi kile cha bafa tupu.* Hiyo ni keratini ya ngozi na nywele, mara nyingi kutoka kwenye bafa ya sampuli iliyozeeka au DTT iliyofunguliwa mara nyingi. Tengeneza bafa mpya, igawe kwenye tyubu ndogo. Badilisha glavu kila ulipojigusa uso, na vua sweta la sufu.

*Bendi ina kitovu cheupe au njano na ukingo mweusi.* Hiyo ni fedha iliyojaa. Protini ni nyingi, na Kumasi ingetosha kabisa.

*Jeli nzima imegeuka kahawia.* Angalia maji kwanza, kisha muda wa thaiosalfeti, kisha kama ulibadilisha trei.

*Ungaunga mweupe fedha inapoingia.* Kuna kloridi kwenye maji, au jeli haikuoshwa vya kutosha.

*Fedha haiibui kitu, hata BSA ya 50.* Itazame chupa ya fomalini. Ikiwa na mashapo meupe chini, imejifunga yenyewe na nguvu imepungua. Fungua mpya, na usiiweke kwenye friji.

*Alama za vidole na madoa kwenye fedha.* Jeli ilishikwa au kubanwa. Ihamishe kwa kumwaga kioevu na kuibeba kwenye karatasi ngumu ya plastiki.

*Kumasi ina vidoa vya buluu juu ya jeli.* Ni chembe za rangi zilizotua. Zipanguse kwa kitambaa cha karatasi kisicho na nyuzi kilicholowa methanoli ya asilimia 20, haraka, kisha rudisha jeli kwenye maji.

*Bendi ipo kwenye fedha lakini Kumasi haiioni hata ukiongeza sampuli mara tano.* Huenda si protini. Fedha hushika pia DNA na lipopolisakaridi za bakteria, na Kumasi haizishiki. Chukua sehemu ya sampuli, ikatwe na proteinazi K, uitembeze upya kando ya isiyokatwa. Bendi ikibaki palepale, hakuna cha kupeleka kwenye spektrometa.